Kuku wa milia pichani: Plymouth Rock, Dominique au Marans?

Picha ya kuku mwenye milia ya kijivu na nyeupe huzua ubishi mwepesi kuanza na mgumu kumaliza. Mmoja husema ni Plymouth Rock, wa pili husema ni Dominique, wa tatu husema ni Marans, na kila mmoja anapotakiwa kutoa ushahidi huelekeza kidole kwenye manyoya. Hapo ndipo kosa lilipo, kwa kuwa milia ndicho kitu ambacho aina hizi tatu zimeshirikiana. Jeni inayoichora ni moja, na atakayeitegemea hiyo pekee atakuwa anatofautisha ndugu kwa kutazama nguo za sare. Ulinganisho huu unafuata mpangilio tofauti: upanga wa kichwani kwanza, miguu pili, milia yenyewe baadaye, na umbo la kusimama mwisho.

Tuseme kwanza kuku hawa ni nani. Plymouth Rock na Dominique wote wametokea kaskazini-mashariki mwa Marekani, na kwa muda mrefu katika karne ya 19 watu hawakuwatenganisha vizuri. Ilikuwa mwaka 1870, katika maonyesho ya kuku ya New York, ambapo iliamuliwa kwamba ni kuku wenye upanga wa waridi tu watakaoitwa Dominique, na wale wenye upanga wa msumeno wakahesabiwa upande wa Plymouth Rock. Kwa hiyo mpaka kati ya majina hayo mawili uliwekwa na watu, tena uliwekwa juu ya kichwa cha kuku, na ndiyo maana upanga una uzito mkubwa sana katika jambo hili. Marans ametoka mbali na hao, karibu na mji wa Marans magharibi mwa Ufaransa, naye hutafutwa hasa kwa mayai yake ya kahawia iliyokolea. Mnunuzi anayetaka mayai hayo ndiye hupata hasara kubwa zaidi picha inaposomwa vibaya, kwa kuwa Plymouth Rock na Dominique hutaga mayai ya kahawia ya kawaida.

Tuanze na upanga. Plymouth Rock na Marans wana upanga wa msumeno: kipande kimoja chembamba cha nyama kinachosimama wima kutoka kwenye mzizi wa mdomo hadi nyuma ya kichwa, kikiwa na meno yanayoonekana wazi. Plymouth Rock aliyefuata viwango huwa na meno matano, na lile la kwanza na la mwisho huwa fupi kuliko yale ya katikati. Dominique ana upanga wa waridi, ambao ni mpana, mfupi, umelala juu ya kichwa, umejaa vinundu vidogo kama ngozi ya stafeli, na nyuma yake umechongoka kuwa mwiba mmoja. Mwiba huo wa Dominique hupinda kidogo kuelekea juu. Maelezo hayo madogo yana faida, kwa sababu wako Wyandotte wa milia ambao nao wana upanga wa waridi, lakini mwiba wao hushuka ukifuata mkunjo wa shingo. Picha iliyopigwa kutoka ubavuni, kichwa kikionekana chote, inatosha kuamua kati ya hao wawili.

Hata hivyo upanga hudanganya katika hali mbili. Ya kwanza ni umri. Tetea ambaye hajafikia kutaga huwa na upanga mdogo na uliopauka, na katika picha iliyopunguzwa ukubwa upanga mdogo wa msumeno huonekana kama mstari mnene usio na meno, hata mtu akadhani ni wa waridi. Ya pili ni urithi. Jeni ya upanga wa waridi ina nguvu kuliko ile ya msumeno, kwa hiyo jogoo na tetea wa Dominique wanaweza wote kuwa na upanga wa waridi huku kila mmoja ameficha jeni moja ya msumeno, na vifaranga wao wachache wakazaliwa na upanga wa msumeno. Kifaranga huyo akikua, pichani ataonekana Plymouth Rock aliyedumaa. Kinyume chake hakiwezekani: wazazi wawili wenye upanga wa msumeno hawazai mtoto mwenye upanga wa waridi. Basi ukiona upanga wa waridi juu ya kuku wa milia, una hakika kwamba Plymouth Rock safi na Marans safi wameondoka katika hesabu. Ukiona upanga wa msumeno, umepunguza uwezekano tu.

Ukiwa bado kichwani, tazama pia ndewe, yaani kile kijinyama kilicho chini ya tundu la sikio. Aina zote tatu tunazozilinganisha zina ndewe nyekundu. Ndewe nyeupe juu ya kuku wa milia mwenye miguu ya manjano humwelekeza mtazamaji kwa Leghorn wa milia au kuku aliyechanganywa naye, na hapo ulinganisho huu haumhusu tena.

Sasa miguu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo shahidi bora kuliko wote, ingawa watu wengi huikata nje ya picha. Plymouth Rock na Dominique wana miguu ya manjano isiyo na manyoya. Marans ana miguu myeupe au yenye wekundu hafifu wa ngozi, ambayo kwa tetea huwa na madoa ya kijivu. Marans wa mtindo wa Kifaransa ana manyoya machache kwenye upande wa nje wa muundi na kwenye kidole cha nje, ilhali Marans waliokuzwa kwa mtindo wa Kiingereza wana miguu mitupu. Kwa sababu hiyo, manyoya miguuni yanamkataa Plymouth Rock safi na Dominique safi, lakini kukosekana kwake hakumkatai Marans. Nimeona watu wakikosea hapo mara nyingi, wakidhani kwamba kila Marans lazima awe na manyoya miguuni.

Tatizo la rangi ya miguu ni kwamba manjano si rangi isiyobadilika. Inatokana na chakula cha kuku, hasa mahindi ya manjano na majani mabichi, nayo huhifadhiwa kwenye ngozi, mdomo na miguu. Tetea anapoanza kutaga, rangi mpya huelekezwa kwenye kiini cha yai, na sehemu za mwili hupauka kwa utaratibu unaojulikana: kwanza ngozi ya tundu la kutagia, kisha duara la jicho, kisha ndewe, kisha mdomo kuanzia kwenye mzizi kuelekea ncha, na mwisho miguu. Katika miguu yenyewe, nyayo hutangulia, ikifuata mbele ya muundi, kisha nyuma ya muundi, kisha ncha za vidole, na kifundo ndicho cha mwisho. Tetea aliyetaga mfululizo kwa miezi mitano au sita anaweza kuwa na muundi mweupe kabisa upande wa mbele, na ni upande huo huo ambao kamera huuona. Plymouth Rock wa namna hiyo huuzwa kama Marans bila muuzaji kuwa na nia mbaya.

Namna ya kumtambua ni kutafuta mahali manjano yanapobaki. Kuza picha pale manyoya ya paja yanapokomea na magamba yanapoanza, yaani kwenye kifundo, kisha tazama nyuma ya muundi na ncha za vidole. Kuku aliyezaliwa na miguu ya manjano akipauka huacha masalia katika sehemu hizo, na mpaka kati ya sehemu iliyopauka na iliyobaki huonekana. Marans hana masalia, kwa kuwa hakuna kilichopauka: weupe wake ni sawa kutoka kifundo hadi kidole, isipokuwa yale madoa ya kijivu. Jogoo, kwa kuwa hatagi, hana shida hii, na ukiweza kuomba picha ya jogoo wa kundi hilo hilo utajibiwa swali la tetea kwa njia nyepesi.

Madoa meusi au ya kijivu mbele ya muundi nayo yanahitaji kueleweka. Jeni ya milia huzuia rangi nyeusi isikae kwenye ngozi ya miguu, na iko kwenye kromosomu ya jinsia. Jogoo wa aina safi hubeba nakala mbili, tetea hubeba moja tu. Ndiyo maana jogoo huwa na miguu isiyo na doa, na tetea, wa aina yoyote kati ya hizi tatu, anaweza kuwa na kivuli cheusi juu ya magamba. Kivuli hicho juu ya manjano si dalili ya mchanganyiko, wala juu ya weupe si dalili pekee ya Marans.

Ukishapita hapo ndipo milia inapofaa. Milia ya Plymouth Rock ni myembamba, imenyooka, na mpaka kati ya rangi nyeusi na nyeupe umekatika vizuri kama umechorwa kwa rula. Kila unyoya huishia kwa ncha nyeusi, na ukifunuliwa, milia hushuka hadi karibu na ngozi. Kwa jogoo mstari mweupe na mweusi hulingana upana. Kwa tetea mweusi huzidi, hivyo tetea huonekana mweusi zaidi kwa mbali. Milia ya Dominique imepinda, haina upana sawa, na kingo zake zimefifia. Kutoka unyoya mmoja hadi mwingine haikutani kufanya mistari inayozunguka mwili, kwa hiyo kuku wote huonekana kama amefunikwa na moshi. Milia ya Marans inafanana na ya Dominique kuliko ya Plymouth Rock, ni mipana na ovyo zaidi, na mara nyingi kifua cha tetea huwa cheusi kiasi cha milia kupotea.

Tofauti hiyo ina sababu. Jeni ya milia huwasha na kuzima utengenezaji wa rangi kwa zamu wakati unyoya unaota. Plymouth Rock wa milia amechaguliwa kwa vizazi vingi awe na manyoya yanayoota polepole, na unyoya unaoota polepole hupata zamu nyingi zaidi katika urefu ule ule, ndipo milia huwa myembamba na mikali. Unyoya unaoota haraka huvuta kila mstari na kuutandaza.

Lakini milia ndiyo inayoharibiwa na kamera kuliko kitu kingine chochote. Picha inapopunguzwa ili itumwe kwa simu, mistari myembamba ya Plymouth Rock huingiliana na vitone vya kioo na kuzaa mawimbi bandia, hata kuku safi akaonekana na milia iliyopinda. Kwa upande mwingine, simu nyingi huongeza ukali wa kingo zenyewe, na Marans mwenye milia iliyofifia akaonekana amechorwa. Kipimo changu ni hiki: nikikuza picha na kushindwa kuhesabu milia kwenye unyoya mmoja wa shingo au wa bawa, siruhusu milia iamue chochote. Naomba picha nyingine ya bawa lililokunjuliwa, iliyopigwa kwa karibu na kutumwa bila kupunguzwa.

Kuna dalili moja ya milia inayosomeka hata katika picha mbovu, nayo ni weusi wa jogoo. Kwa kuwa jogoo safi ana nakala mbili za jeni na tetea ana moja, jogoo akisimama kando ya tetea wake anapaswa kuwa mweupe kuliko yeye. Jogoo mwenye milia lakini mweusi sawa na tetea karibu kila mara ana nakala moja, maana yake mzazi wake mmoja hakuwa wa milia. Huyo hutokea sana pale jogoo mwekundu au mweusi anapopandishwa kwa tetea wa Plymouth Rock: vifaranga wa kiume hupata milia kutoka kwa mama, na wa kike huwa weusi. Mara nyingi jogoo wa namna hiyo huwa na manyoya machache yenye wekundu au dhahabu kwenye shingo na mabega. Ukiyaona, acha kubishana kuhusu majina matatu. Si mmoja wao.

Umbo la kusimama nimeliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu kuku hasimami namna moja. Aliyeshtuka hunyoosha shingo na kushusha mkia, aliyepatwa na baridi hujivimbisha, na anayenyonyoka hana mkia wa kuhukumiwa. Kamera iliyoshikwa kwa urefu wa mtu aliyesimama hufupisha miguu na kukuza kichwa, hata kuku mrefu akawa mviringo. Picha inayofaa ni ya ubavuni, kamera ikiwa chini kwenye urefu wa mgongo wa kuku, umbali wa mita 2 hivi, kuku akiwa ametulia. Katika picha hiyo Plymouth Rock ana mgongo mrefu na mpana, kifua kilichojaa, na mkia wa wastani usioinuka sana. Dominique ni mdogo kuliko yeye, anabeba kichwa juu kwenye shingo iliyopinda vizuri, na mkia wake umejaa na kuinuka zaidi. Marans ni mpana mabegani na hupungua kuelekea nyuma kama kabari. Uzito ungesaidia, kwani jogoo wa Plymouth Rock hufikia kilo 4 na zaidi ilhali wa Dominique ni kilo 3 na kitu, lakini uzito haupigwi picha, na bila kitu cha kulinganishia ukubwa wa kuku pichani ni dhana tu.

Nitoe mfano mmoja niliouchambua hatua kwa hatua. Mtu ninayefahamiana naye alitumiwa picha ya tetea aliyetangazwa kuwa Marans, akataka kujua kama amlipie. Kuku alikuwa kivulini, kando ya bakuli jeupe la maji. Upanga ulikuwa wa msumeno, mkubwa na mwekundu, kwa hiyo uwezekano wa Dominique ukapungua sana na nikajua pia kwamba kuku yumo katika kutaga. Ndewe zilikuwa nyekundu. Muundi ulionekana mweupe wenye kijivu, bila manyoya. Kufikia hapo Marans wa mtindo wa Kiingereza na Plymouth Rock aliyepauka walikuwa na nafasi sawa kabisa.

Kisha nikatazama bakuli. Lilipaswa kuwa jeupe, nalo lilikuwa la samawati hafifu, maana kivuli cha mchana hutia picha rangi hiyo na kuua manjano. Kwa hiyo weupe wa miguu haukuwa ushahidi wa kutegemewa, na nikamshauri aombe picha ya pili: juani, ubavuni, kamera chini, miguu yote ionekane. Picha ilipokuja, mbele ya muundi palikuwa peupe kweli, lakini nyuma yake palikuwa na manjano hafifu, ncha za vidole vilevile, na kwenye kifundo manjano yalikuwa dhahiri. Mdomo ulikuwa mweupe. Huo ndio utaratibu wa kupauka, nao hauwezi kutokea kwa kuku ambaye hakuwa na manjano tangu mwanzo.

Ushahidi huo unamwondoa Marans, na pia unaondoa mchanganyiko wa moja kwa moja wa Marans safi na Plymouth Rock. Miguu ya manjano huhitaji jeni kutoka kwa wazazi wote wawili, na mmoja akitoa ile ya weupe, mtoto huwa mweupe. Milia ya shingo, ambayo sasa ilihesabika, ilikuwa imenyooka na mikali. Nilimwambia kwamba huyo ni Plymouth Rock, au kuku aliyezaliwa na Plymouth Rock na kuku mwingine wa miguu ya manjano na upanga wa msumeno. Kati ya hayo mawili picha haiwezi kuamua, kwa sababu tetea hubeba nakala moja ya milia katika hali zote mbili, na weusi wake hautasema kitu. Angeweza kumwomba muuzaji picha ya wazazi wake wote wawili, kama bado wapo.

Muuzaji alijibu kwa kutuma picha ya yai, la kahawia hafifu, akieleza kwamba mayai ya Marans hupauka kadiri msimu wa kutaga unavyoendelea na kwamba kuku huyo ametaga kwa miezi mingi. Kuhusu mayai alikuwa sahihi: yai la mwanzo wa msimu ndilo lililokolea zaidi, na la baadaye hufifia. Kwa hiyo yai lile halikumkataa Marans wala kumthibitisha, na mnunuzi wangu alikuwa karibu kukubali. Nilimrudisha kwenye kifundo. Miezi mingi ya kutaga inaweza kulipausha yai la Marans, lakini haiwezi kuupaka mguu wake manjano.